Katuni kwenye Mtihani wa Ufahamu: Fanya Hivi, Usifanye Vile

Mtahiniwa anayejua kusoma vizuri hukosa alama za katuni kwa sababu moja: anasoma maneno na kuacha picha. Maneno yenyewe ni machache na mepesi. Anayamaliza kwa dakika moja, anajibu kwa kujiamini, na kati ya alama 10 anaambulia 3. Ninasahihisha karatasi za namna hii mwaka baada ya mwaka, na kinachoniudhi ni kwamba majibu aliyoyakosa yalikuwa yamechorwa mbele ya macho yake.

Asikudanganye mtu kwamba katuni ni swali la watoto wadogo. Afrika Kusini, katika mtihani wa taifa wa darasa la 12, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina swali zima la katuni lenye alama 10. Wanalikuta wanaosoma Kiingereza kama lugha ya nyumbani, na wanalikuta pia wanaokisoma kama lugha ya ziada. Hao ni vijana walio mlangoni mwa chuo kikuu, na wanaanguka katika mashimo yale yale anamoanguka mtoto wa darasa la sita.

Nitatumia katuni moja tu hapa, niliyoitunga kwa ajili ya somo hili. Isome polepole na uione kichwani.

Fremu ya 1. Uani. Jua liko juu kabisa ya paa. Kushoto amesimama Juma, kavaa kandambili, analining'iniza dumu kwa kidole kimoja. Kulia ameinama mama yake, anapepea jiko la mkaa lenye sufuria, na moshi unapanda. Puto la mama liko juu: "Juma, kachote maji bombani. Usicheze njiani!" Puto la Juma liko chini yake: "Sawa mama, narudi sasa hivi!"

Fremu ya 2. Uwanjani. Juma anapiga mpira. Nyuma ya mguu wake kuna mistari mitatu iliyopinda, na kando ya mpira pameandikwa PU! bila puto lolote. Goli lina nguzo mbili: huku dumu, huku kandambili moja. Rafiki yake amenyoosha mkono: "Hapa, Juma, hapa!"

Fremu ya 3. Njiani. Jua limeshuka, nusu yake imefichwa na minazi. Juma kabeba dumu kichwani na matone yanadondoka kutoka kwenye mdomo wa dumu. Mguu wa kulia una kandambili, wa kushoto uko peku. Juu yake kuna wingu lililounganishwa na kichwa chake kwa viduara vidogo: "Leo bombani kulikuwa na foleni ndefu sana..."

Fremu ya 4. Uani tena. Jiko halitoi moshi. Dumu liko chini. Juma anatabasamu meno yote nje, na matone matatu yanaruka kutoka kwenye paji la uso wake: "Bombani kulikuwa na foleni ndefu sana, mama." Mama kasimama, mikono kiunoni, nyusi zimekutana, macho ameyaelekeza miguuni mwa Juma: "Pole, mwanangu. Na hiyo foleni imeisha ngapi ngapi?"

Maswali ni haya:

1. Mama anamtuma Juma akafanye nini? (alama 1)
2. Unajuaje kwamba Juma alikaa sana huko alikokwenda? Toa ushahidi wa picha. (alama 2)
3. Je, Juma alifika bombani? Thibitisha. (alama 2)
4. Katika fremu ya 4 mama anasema, "Pole, mwanangu." Je, anamhurumia? Eleza ukirejelea ishara za mwili wake. (alama 2)
5. Unajuaje kwamba mama amegundua Juma alikuwa akicheza mpira? Toa ushahidi mmoja wa maneno na mmoja wa picha, kisha eleza jinsi vinavyohusiana. (alama 3)

Swali la 1 halihitaji somo. Jibu limeandikwa ndani ya puto. Alama 9 zilizobaki hazimo ndani ya puto lolote peke yake.

## Kabla ya kusoma neno

Fanya: pitia picha zote, kuanzia fremu ya kwanza hadi ya mwisho, bila kusoma maneno. Tafuta kilichobadilika. Mchoraji huchora kila kitu kwa mkono, na hachori jua kwa bahati mbaya. Kama jua lilikuwa juu ya paa na sasa liko nyuma ya minazi, anakwambia saa. Kama jiko lilikuwa na moshi na sasa halina, anakwambia saa tena, na anakwambia pia kwamba mama amengoja hadi moto umezimika. Kama miguu yote miwili ilikuwa na kandambili na sasa mmoja uko peku, kuna kitu kimetokea katikati. Hapo hujasoma hata herufi moja, na tayari swali la 2 unalo mkononi.

Usifanye: usianze na maputo. Ukishasoma maneno, akili inajiona imemaliza. Unazitazama picha kama mapambo ya maneno, na jicho linapita juu ya kandambili bila kuiona. Mtahiniwa wa namna hiyo ndiye anayeandika kwenye swali la 2: "Alikaa sana kwa sababu kulikuwa na foleni." Sifuri. Swali limeomba ushahidi wa picha, na hakuna foleni iliyochorwa popote. Hakuna hata bomba.

Usifanye: usitoe fremu moja unapotakiwa kuonyesha mabadiliko. "Jua liko nyuma ya minazi" ni nusu ya jibu, kwa kuwa huenda alitumwa jioni hiyo hiyo. Jibu kamili linashika ncha zote mbili: "Katika fremu ya 1 jua lilikuwa juu ya paa, lakini katika fremu ya 3 limeshuka nyuma ya minazi." Hiyo ni alama 2. Ukisema jiko lilikuwa linatoa moshi katika fremu ya 1 na halitoi tena katika fremu ya 4, nazo ni alama 2. Chagua moja, uikamilishe.

## Nani anaanza kusema

Fanya: tazama puto liko juu kiasi gani, kisha liko upande gani. Ndani ya fremu, puto lililo juu zaidi husomwa kwanza. Yakilingana, anza na la kushoto. Baada ya hapo fuata mkia wa puto hadi kwenye mdomo unaouelekea.

Usifanye: usifuate aliposimama mtu. Katika fremu ya 1 Juma yuko kushoto, mama yuko kulia. Anayesoma kwa kufuata watu anaanza na "Sawa mama," yaani Juma anakubali kabla hajatumwa. Nimeshaona jibu linalosema kwamba Juma "alijitolea kwenda bombani na mama akamkataza kucheza." Mtahiniwa huyo hakukosa akili. Alikosa mpangilio, na kosa hilo la fremu ya kwanza likamfuata hadi ya mwisho.

Neno kwa vijana wanaosoma vitabu vya katuni vya Kijapani: vile husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mazoea hayo yaacheni nje ya chumba cha mtihani.

## Umbo la puto

Hapa ndipo alama nyingi zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fanya: tazama mstari unaozunguka maneno kabla ya kuyaamini maneno. Puto lenye mstari laini na mkia mmoja ni maneno yaliyotamkwa, na waliopo wameyasikia. Wingu lenye viduara vidogo ni mawazo, na hakuna aliyeyasikia ila wewe msomaji. Mstari wenye meno meno ni kelele, au sauti inayotoka kwenye simu au redio. Mstari wa nukta nukta ni mnong'ono. Kisanduku cha pembe nne kisicho na mkia, mara nyingi juu ya fremu, ni sauti ya msimulizi: "Baadaye..." au "Siku ya pili..." Hakuna mhusika aliyeyasema hayo, kwa hiyo usimpe mtu yeyote. Na maneno kama PU! yaliyo nje ya puto ni mlio wa kitu. Hapa ni mguu ukikutana na mpira.

Sasa rudi fremu ya 3. "Leo bombani kulikuwa na foleni ndefu sana" imo ndani ya wingu. Juma yuko peke yake njiani, hamwambii mtu. Anawaza. Na kwa nini awaze sentensi nzima namna hiyo, na "Leo" mwanzoni, kama mtu anayetoa taarifa? Kwa sababu anaifanyia mazoezi. Anaandaa uongo wa kumpa mama. Fremu ya 4 inathibitisha: sentensi ile ile, karibu neno kwa neno, sasa imo ndani ya puto la mkia. Ilikuwa wazo, imekuwa kauli. Mchoraji amehama kutoka wingu kwenda puto kwa makusudi, na anayeona uhamisho huo ameipata katuni nzima.

Usifanye: usichukue kila kilichoandikwa kuwa kilichotokea. Maneno ya mhusika ni madai ya mhusika, na mhusika anaweza kudanganya, kukosea au kujitapa. Lililo la kweli katika hadithi ni lile ulilolishuhudia kwenye picha. Puto likisema foleni na picha ikionyesha mpira, picha ndiyo inayoshinda. Mtahiniwa anayeandika "Juma alichelewa kwa sababu ya foleni" amedanganywa na mtoto aliyechorwa kwa kalamu, na mama yake Juma hakudanganywa.

Usifanye: usiseme "Juma alisema" kwa maneno ya wingu. Andika "Juma aliwaza." Msahihishaji makini anaikata "alisema" hapo hapo, kwa kuwa inaonyesha hukutofautisha. Ukiandika kwamba rafiki yake alimsikia akitaja foleni, umetunga hadithi nyingine.

## Nafasi kati ya fremu

Fanya: jiulize nini kimetokea pale ambapo hapakuchorwa. Kati ya fremu moja na nyingine kuna ukanda mweupe mwembamba. Ndani ya ukanda huo muda unapita na mambo yanatendeka, na mtunga mtihani anaupenda sana kwa sababu mvivu hauoni.

Swali la 3 limelala humo. Je, Juma alifika bombani? Nusu ya darasa itaandika "Hapana, alikwenda kucheza mpira." Wameona uwanja, hawakuona bomba, wakahitimisha. Lakini tazama dumu. Katika fremu ya 1 linaning'inia kwenye kidole kimoja. Dumu lenye maji halibebwi kwa kidole kimoja, hivyo lilikuwa tupu. Katika fremu ya 3 limebebwa kichwani na linadondosha maji. Maji hayakujileta. Jibu: "Ndiyo, alifika, kwa sababu katika fremu ya 3 dumu lililokuwa tupu linadondosha matone ya maji." Alama 2. Alikwenda bombani baada ya mpira, ndani ya ule ukanda mweupe kati ya fremu ya 2 na ya 3.

Usifanye: usijaze nafasi hiyo kwa mambo yasiyo na ushahidi. Wapo wanaoandika kwamba Juma alipigana, au kwamba mpira ulitoboa dumu ndiyo maana linavuja. Hakuna tundu lililochorwa, na matone yanatoka mdomoni mwa dumu. Unaloliweka kwenye nafasi tupu lazima lishikwe na fremu ya kabla yake na fremu ya baada yake, zote mbili. Lisiposhikwa, ni lako, si la katuni.

## Uso ni kitu kimoja, mwili ni kingine

Fanya: jibu kwa sehemu uliyoulizwa. Ishara za mwili ni mikono, mabega, miguu, namna mtu alivyosimama au alivyoinama. Sura ya uso ni macho, nyusi, mdomo. Swali la 4 limetaja ishara za mwili. Mikono ya mama iko kiunoni. Hicho ndicho kinachotakiwa.

Usifanye: usichanganye viwili hivi. "Nyusi zake zimekutana" ni kweli kabisa, na hapa haina alama, kwa sababu nyusi ni uso. Wanafunzi wanalia kwamba ni uonevu. Si uonevu. Swali lilisema mwili. Soma swali kama unavyosoma bei dukani kabla ya kutoa hela.

Fanya: taja unachokiona, kisha sema kinamaanisha nini. Jibu lina miguu miwili. "Mikono iko kiunoni" peke yake ni maelezo ya mchoro, na hata asiyejua Kiswahili anaweza kuyaona hayo. "Amekasirika" peke yake ni kubahatisha. Yaunganishe: "Hapana, hamhurumii. Mikono aliyoiweka kiunoni inaonyesha kwamba amekasirika na anamsubiri Juma ajieleze, ingawa maneno yake ni ya upole." Hapo umegusa jambo ambalo mtunga swali alikuwa akilitafuta: maneno yanakwenda huku na mwili unakwenda kule. Hicho ni kinaya. Kila unapoona maneno matamu na mwili mkali, au maneno makali na mwili unaocheka, simama. Swali linakuja hapo.

Usifanye: usijibu kwa tafsiri ya kawaida ya neno. "Pole" kwa kawaida ni neno la kumtuliza mtu. Ndiyo maana mama amelichagua. Mtahiniwa anayeandika "Ndiyo, anamhurumia kwa sababu amesema pole" amejibu kuhusu neno na kuiacha katuni.

Na matone. Tone linaloshuka chini ya jicho ni chozi. Matone yanayoruka kutoka kwenye paji la uso ni jasho, na katika katuni jasho la namna hiyo ni hofu au aibu, hata kama hakuna joto. Matone ya fremu ya 3 yanatoka kwenye dumu. Ya fremu ya 4 yanatoka kwa Juma, kwa sababu dumu limeshatuliwa chini. Wapo wanaoandika kwamba katika fremu ya 4 Juma "ameloa maji ya dumu." Hawakutazama dumu liko wapi. Tabasamu lake lenye meno yote na jasho lake havikai pamoja, na ndivyo unavyojua kwamba tabasamu hilo amelivaa tu.

## Kuandika jibu

Fanya: hesabu alama kabla ya kuandika, kisha hesabu hoja zako. Alama 3 ni hoja 3. Swali la 5 limezigawa waziwazi: neno, picha, uhusiano. Liandike hivi:

"Ushahidi wa maneno ni swali la mama, 'imeisha ngapi ngapi,' ambalo huulizwa kuhusu mechi na haliulizwi kuhusu foleni. Ushahidi wa picha ni macho ya mama yanayotazama mguu wa Juma ulio peku. Vinahusiana kwa sababu kandambili inayokosekana ilitumika kama nguzo ya goli katika fremu ya 2, na mama ameutambua mchezo kwa kuuona mguu huo."

Sentensi tatu, alama tatu. Hakuna haja ya nusu ukurasa.

Usifanye: usimpe mhusika ujuzi ulio nao wewe. Hili nimeliona hata kwa wanafunzi hodari, na linauma zaidi kwao. Wanaandika: "Mama aliiona kandambili uwanjani." Mama hakuwepo uwanjani. Aliyeiona kandambili ikiwa goli ni wewe, katika fremu ya 2. Mama ameona mguu mmoja peku tu, na akafika kwenye ukweli kwa kuwajua watoto wa mtaani kwake, ambao goli lao ni kandambili. Kila mara jiulize: hili nalijua mimi, au analijua na yeye? Utani wa katuni nyingi umejengwa juu ya tofauti hiyo, na swali la mwisho huulizwa hapo hapo.

Usifanye: usimwage ushahidi wote ulio nao. Swali likisema "mmoja," andika mmoja. Wanaoandika mitano wakitumaini msahihishaji atachagua ulio sahihi wanajiumiza, kwa kuwa anayesahihisha kwa kanuni huchukua wa kwanza na kuacha mingine. Kama wa kwanza ulikuwa "Juma anatabasamu," umekwisha, hata kama wa pili ulikuwa mguu peku.

Fanya: taja namba ya fremu. "Kwenye picha inaonekana" haimpeleki msahihishaji popote. "Katika fremu ya 3" inampeleka moja kwa moja kwenye mguu.

Usifanye: usihubiri. "Tunajifunza kwamba watoto wawatii wazazi wao." Hakuna swali lililouliza funzo. Likiulizwa, jibu. Lisipoulizwa, wino huo ni wa bure.

## Mazoezi

Fanya: chukua katuni ya gazeti, ziba maneno kwa kipande cha karatasi, na usimulie kwa sauti kilichotokea kwa kutazama picha tu. Kisha ondoa karatasi. Kila mahali ambapo maneno yanapingana na ulichosimulia, weka alama ya penseli. Hapo ndipo wewe mwenyewe ungetunga swali kama ungekuwa mwalimu. Wazee waliokua na Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la *Uhuru*, au Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye *Taifa Leo*, walipata mazoezi ya aina hii kila gazeti lilipofika nyumbani, bila mtu kuwaita darasani.

Usifanye: usikariri orodha za ishara bila katuni. Kujua kwamba wingu ni mawazo hakukusaidii kama hujawahi kujiuliza kwa nini mchoraji ameficha neno hili ndani ya wingu na lile akaliacha hadharani.

## Kwa wanaotunga mitihani

Sehemu ya lawama ni yetu, walimu wenzangu, na nitaisema waziwazi.

Fanya: toa nakala moja kwa mashine ile ile itakayotumika, kisha ijaribu. Mashine ya kudurufu iliyochoka inafuta mistari myembamba kwanza. Viduara vya wingu vinapotea, wingu linabaki limeelea bila mwenyewe, na mnong'ono wa nukta nukta unakuwa kauli ya kawaida. Kisha mtoto anapewa sifuri kwa kutoona kisichokuwepo. Kama kiduara hakionekani kwenye nakala, kikolezwe kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi mama kabla ya kudurufu darasa zima.

Usifanye: usiulize rangi. "Shati jekundu linaashiria nini?" kwenye karatasi nyeusi na nyeupe. Nimekutana nalo, na ni aibu.

Usifanye: usipunguze katuni hadi ienee pembeni mwa ukurasa. Nyusi za mama zikiwa ndogo kama nukta, swali kuhusu hasira yake halina haki. Fremu nne zipewe upana wote wa karatasi, mbili juu na mbili chini. Na zikiwa juu na chini, andika namba kwenye pembe ya kila fremu, kwa sababu wapo watakaosoma kushuka badala ya kwenda kulia.

Fanya: andika kwenye mwongozo wa kusahihisha majibu yote yanayoshikwa na picha, hata usiyoyakusudia. Kwa swali la 2 mimi nilifikiria jua. Mtoto akileta jiko lililozimika na kulilinganisha na fremu ya 1, apewe alama zake mbili kamili.